Somo la asidi na besi kwa ndimu na sabuni: mbona sabuni yangu haigeuzi rangi?

Prof_Majengo (Goma)

Salamu kwenu wote. Ninafundisha kemia mwaka wa tatu sekondari hapa Goma. Nina wanafunzi 58 kwenye chumba kimoja, na saa ya somo ni dakika 50. Maabara hatuna, na karatasi za litmasi ziliisha zamani. Wiki ijayo naanza asidi na besi, nataka kutumia vitu vya nyumbani: ndimu, vinegre, bikarbonati ile ya kulainisha sombe, na sabuni. Kiashiria changu ni maua mekundu ya hibiskusi, yale yanayopandwa kwenye nyua. Nayachemsha kidogo, nachuja, napata maji ya zambarau.

Nimejaribu nyumbani kabla ya kuwapelekea watoto. Ndimu haina shida, rangi inakuwa ya waridi yenye kung'aa. Bikarbonati inakwenda kwenye buluu yenye ukijani. Kwenye sabuni ndipo nilipokwama. Nimetia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na zambarau imebaki zambarau. Halafu kuna jambo la pili: kikombe cha maji matupu, bila kitu chochote, nacho kimeelekea buluu. Fishi yangu ya somo imeandika "sabuni ni besi, maji si upande wowote". Nikiingia darasani na vikombe hivi, watoto watanishika mara moja. Mwenye uzoefu anisaidie.

Papa_Jeremi

Prof, sabuni ni besi kwa sababu ndani yake kuna soda kostiki. Hiyo inajulikana. Labda umetia kidogo. Ongeza sabuni mpaka rangi igeuke.

MamaSabuni_Kadutu (Bukavu)

Papa Jeremi, samahani, mie ndiyo kazi yangu hiyo. Natengeneza sabuni ya mawese hapa Kadutu. Soda tunaitia, ndiyo, lakini inakula mafuta na mafuta yanaikula, mpaka inaisha. Sabuni ambayo bado ina soda ndani ni sabuni mbovu. Inachoma mikono, na mteja hatarudi. Kwa kilo moja ya mawese natia soda karibu gramu 135, chini kidogo ya zile 141 ambazo mafuta yanaweza kumaliza, ili kwa hakika isibaki. Kwa hiyo usimwambie mtoto kwamba sabuni ni soda kostiki, atakwenda kumwambia mama yake.

Papa_Jeremi

Sawa mama, nimekusikia. Lakini kama soda imeisha, ubesi wa sabuni unatoka wapi? Soda haipo, OH haipo, na bado utelezi upo.

Kemia_Lshi (Lubumbashi)

Papa Jeremi, umeuliza swali ambalo vitabu vingi vya shule vinaliruka. Mama wa Kadutu amesema kweli, na wewe hukukosea sana, maana sabuni ya kipande ni besi kweli. Ila OH haimo ndani ya sabuni. Inazaliwa majini.

Chukua sabuni ya mawese. Sehemu kubwa ni chumvi ya sodiamu ya asidi za mafuta, mojawapo ni ile ya palmitiki. Ikiyeyuka, ile sehemu ya mafuta inachomoa H moja kutoka kwenye maji:

```
C15H31COO⁻ + H2O ⇌ C15H31COOH + OH⁻
```

Ni kidogo tu zinazofanya hivyo, ndiyo maana pH ya sabuni nzuri inasimama kwenye 9 au 10 na haifiki 13 kama soda yenyewe. Kwa wanafunzi waliojifunza kwamba besi ni kitu chenye OH kwenye fomula yake, sabuni ni kitendawili kizuri. Bikarbonati pia haina OH, na majivu hayana. Brønsted na Lowry walipoleta maelezo yao mwaka 1923, kila mmoja kwake, wakasema besi ni kile kinachopokea H, vitu kama hivi vikapata nafasi.

Sasa Prof, sabuni yako ya maji. Hiyo kikemia si sabuni hata kama dukani inaitwa hivyo. Ni ditejenti iliyotengenezwa kiwandani, na kichwa chake kina salfa: ni salfati au salfoneti. Kichwa cha namna hiyo hakina hamu ya kuchukua H kutoka kwenye maji. Tena kiwanda kinarekebisha pH iwe karibu na 7 ili isikaushe mikono. Ukitia kijiko au ukitia chupa nzima, hibiskusi itabaki zambarau. Kiashiria chako kimesema ukweli.

Nunua sabuni ya kipande ya kufulia, ile ya kukata. Kwangua gramu moja, yaani kijiko kidogo cha chai cha vumbi la sabuni lisilobanwa, uyeyushe kwenye mililita 100 za maji ya uvuguvugu. Utaona kijani. Sabuni ya unga nayo itakupa kijani, mara nyingi kikali zaidi, lakini huko kinachofanya kazi ni kaboneti ya sodiamu iliyochanganywa ndani, si ile ditejenti.

Yaya_Furaha

Mimi nina swali kuhusu ndimu. Watu wanasema ukinywa maji ya ndimu asubuhi mwili unapata alkali. Sasa ndimu ni asidi au ni besi? Na je, bikarbonati na ndimu ni nzuri kwa kusafisha meno?

Kemia_Lshi

Yaya, ndimu ni asidi, pH yake ni kama 2 na kitu. Mwili unaichoma ile asidi ya sitriki kama chakula, na kinachobaki kwenye mkojo kinaweza kuupunguzia asidi kidogo. Damu haibadiliki kwa ndimu. Kwenye meno usiweke ndimu, inakula ile ngozi ngumu ya jino. Kwa hayo mengine tafadhali fungua uzi wako, tusimpoteze Prof.

Prof_Majengo

Asante sana. Sabuni nimeielewa. Bado maji. Ninatumia maji ya kawaida ya hapa, ya bomba. Je, niyachemshe kwanza?

Bahati_Katindo (Goma)

Chemsha, Prof. Maji yakichemka kila kitu kibaya kinatoka.

Kemia_Lshi

Hapana, Bahati, hapo utamzidishia shida. Wadudu watakufa, hiyo ni kweli, lakini pH itapanda. Maji yenu ya Goma yanatoka ziwani, na maji ya juu ya Ziwa Kivu yana pH karibu na 9 kwa sababu yamejaa bikarbonati. Ukiyachemsha, gesi ya CO2 inatoka, bikarbonati inageuka kaboneti, na kaboneti ni besi yenye nguvu zaidi. Kile kinachoganda chini ya sufuria ndicho ushahidi.

Kwa hiyo Prof, kikombe chako cha maji matupu hakikuwa na uchafu. Maji yako ni besi kweli, besi dhaifu.

Bahati_Katindo

Basi maji ya mvua.

Prof_Majengo

Mvua ya hapa Bahati, na lile tanuri letu juu? Moshi wa volkano ya Nyiragongo ukielekea upande wetu, mvua inashuka na asidi. Na tangi la shule ni la simenti.

Kemia_Lshi

Umeshajibu mwenyewe. Moshi unavuta pH chini, simenti inaivuta juu, na huwezi kujua siku hiyo ni nani ameshinda. Nunua chupa moja ya lita 1.5 ya maji ya dukani. Tupige hesabu. Ukifanya makundi 8, kila kundi lina vikombe 4, kila kikombe mililita 20, hiyo ni mililita 640. Maua yachemshe kwa mililita 250 za maji hayo hayo. Hata ukimwaga kidogo, chupa inatosha.

Angalizo moja. Mtu akikuambia uende kwa fundi wa gari ukanunue maji ya betri, uwe macho sana. Maji ya kuongezea ni safi kabisa na yanafaa, lakini kwenye meza hiyo hiyo kuna chupa ya asidi ya betri, ambayo ni asidi ya salfuriki, na mara nyingi chupa zenyewe zinafanana. Mimi kwa darasa la watoto 58 nisingekwenda huko.

Ila maji ya ziwa usiyatupe. Weka kikombe kimoja mbele, mwishoni mwa somo, uwaulize wanafunzi wakiweke upande gani. Wamekunywa maji hayo tangu utotoni.

Mwl_Ibanda (Bukavu)

Prof, mimi nafundisha kemia hapa Bukavu na somo hili nalifanya kila mwaka. Nikuongezee mambo ya kiashiria, maana hapo ndipo somo linapoharibikia.

Toa petali peke yake, acha kile kikonyo cha kijani. Maua 10 kwa mililita 250 za maji ya moto yanatosha. Yaache robo saa, chuja kwa kitambaa. Fanya asubuhi ya siku yenyewe, kwa sababu kesho yake yanakuwa ya kahawia na rangi inalegea. Kwa kila kikombe cha mililita 20, tia mililita 2. Seringi ya farmasi ya mililita 5, bila sindano, inakupa kipimo safi, na wanafunzi wanaiheshimu kuliko kijiko.

Wengine watakuambia utumie buganvilia kwa kuwa iko kila mahali. Usikubali. Rangi yake ni ya ukoo mwingine, ukoo wa bitiruti. Ukitia ndimu, haisemi kitu, inabaki vile vile. Inageuka njano kwenye besi kali tu. Utasimama mbele ya darasa na vikombe vinne vya rangi moja.

Na kama unataka kutengeneza karatasi za kiashiria, usikate karatasi ya fotokopi. Karatasi hiyo ina kaboneti ya kalsiamu ndani yake, kwa hiyo yenyewe inavuta rangi upande wa besi kabla hujaitia kwenye kitu. Karatasi ya kuchujia kahawa ni bora.

Prof_Majengo

Mwl_Ibanda, hiyo ya fotokopi imenigusa, nilikuwa tayari na mkasi mkononi.

Sasa sehemu ya mwisho ya somo. Nilitaka wanafunzi wamalize asidi na besi zikutane: wachukue maji ya sabuni yenye rangi ya kijani, watie ndimu tone kwa tone mpaka rangi irudi zambarau, wahesabu matone. Nimejaribu kwa sabuni ya kipande kama nilivyoshauriwa. Matone machache tu na kikombe kimekuwa cheupe kama maziwa, povu limekufa, na vipande vyeupe vinaelea. Rangi sioni vizuri. Je, ndimu imeoza?

MamaSabuni_Kadutu

Ndimu yako ni nzima. Umevunja sabuni. Hata sisi sabuni ikiharibika tunaweza kuivunja kwa asidi, mafuta yanarudi juu. Lakini si mawese tena, ni kitu kama nta.

Kemia_Lshi

Mama amemaliza. Rudi kwenye ule mstari wa juu: sabuni inapenda kuchukua H. Kwenye maji inachomoa kwa shida, kwenye ndimu inapewa bure. Inageuka asidi ya mafuta, na hiyo haiyeyuki majini. Ndicho kile cheupe. Povu limekufa kwa sababu iliyokuwa ikitoa povu haipo tena.

Hesabu ya matone pia inasumbua. Mililita 20 za maji yako ya sabuni zina sabuni kama nusu milimoli. Juisi ya ndimu ina asidi ya sitriki kama gramu 5 au 6 kwa mililita 100, na kila molekuli inaweza kutoa H tatu, ingawa ya tatu inatoka kwa shida. Kwa makadirio, mililita 0.6 hadi 0.7 ya juisi inatosha, yaani matone 12 hadi 14 kama seringi yako inatoa matone 20 kwa mililita. Lakini mwanafunzi hataona tone la mwisho. Sabuni inazuia pH isishuke haraka, rangi inasogea polepole ndani ya ule weupe, kundi moja litasema 9 na lingine 20.

Kwa kuhesabu matone tumia bikarbonati. Robo kijiko cha chai kwenye mililita 100 za maji, chukua mililita 20, tia rangi, halafu ndimu. Hapo mapovu ya CO2 yanaonekana, kikombe kinabaki wazi, rangi inatoka buluu-kijani inapita zambarau inaingia waridi. Wakitumia maji ya bikarbonati ya chupa moja na juisi ya chupa moja, makundi yatakaribiana.

Mwl_Ibanda

Hapa sikubaliani na ndugu wa Lubumbashi. Mimi naacha sabuni na ndimu ndani ya somo, makusudi. Bikarbonati inatoa rangi na mapovu, mwanafunzi anafurahi, basi. Kwenye sabuni anaona kwa macho kwamba asidi na besi zikikutana kinatoka kitu kipya. Halafu namwambia akirudishe. Anachukua maji ya majivu ya mbabula yaliyochujwa, ya uvuguvugu, anatia kwenye kile cheupe, anatikisa kwa nguvu. Cheupe kinayeyuka na povu linarudi. Sijawahi kuona njia nyingine rahisi hivyo ya kuonyesha kwamba mambo haya yanakwenda mbele na kurudi nyuma.

Ila kwa Goma kuna mtego. Maji ya ziwa yana magnesiamu na kalsiamu, na hizo nazo zinaifanya sabuni kuwa nyeupe hata kabla ya ndimu. Weupe huo majivu hayauondoi. Akitumia maji ya ziwa atachanganya vitu viwili na hatajua kipi ni kipi. Kwa maji ya chupa ni salama.

Kemia_Lshi

Kurudisha sabuni kwa majivu ni kazi nzuri, siikatai. Nasema tu, dakika 50, watoto 58, mara ya kwanza kusikia neno pH. Ukiwapa rangi, mapovu, weupe na majivu kwa siku moja, kesho watakumbuka weupe peke yake. Mimi ningeiweka somo la pili.

Mwl_Ibanda

Na somo la pili mara nyingi halifiki, ndugu yangu. Unajua kalenda zetu.

Bahati_Katindo

Kama mnatafuta besi kali kwa nini msitumie javeli, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe? Kila nyumba iko nayo.

Mwl_Ibanda

Bahati, HAPANA. Prof, hii soma vizuri. Javeli ikikutana na ndimu au vinegre inatoa gesi ya klorini. Ndani ya chumba chenye watu 58 na madirisha madogo, utaanza kusikia kikohozi na macho kuwasha kabla hujajua kilichotokea. Hata peke yake haifai kwa kazi hii: hibiskusi inageuka kijani kwa muda mfupi sana, halafu rangi yote inafutika, kikombe kinabaki kama maji. Mwanafunzi ataandika nini? Kabla ya somo waambie wasilete kitu kutoka nyumbani bila wewe kukiona. Kuna mtoto ataleta chupa ya soda iliyojaa javeli, akisema ni sabuni.

Prof_Majengo

Javeli haitaingia. Nimepanga hivi, mnirekebishe. Dakika kumi za kwanza nawaonyesha rangi tatu mimi mwenyewe: ndimu, maji ya chupa, sabuni ya kipande. Halafu kila kundi linapata vikombe vinne visivyo na majina: vinegre, bikarbonati, sabuni ya unga, na ile sabuni ya maji iliyonishinda. Wanatabiri kwanza kwenye daftari, ndipo wanatia rangi. Najua sabuni ya maji itawagawanya na ninataka iwagawanye. Mwisho, ndimu kwenye bikarbonati tone kwa tone. Weupe wa sabuni nitauonyesha mimi mbele, kikombe kimoja, kama muda utabaki.

Kemia_Lshi

Vizuri. Ila sabuni ya unga uitie kidogo sana, ncha ya kijiko kwa kikombe. Ikizidi, povu litaficha rangi. Ikiwa na chembe za buluu, iache itulie kwanza na uwaambie watazame maji, si chembe. Na vikombe ukiviacha bila majina, harufu ya vinegre itawaambia. Punguza vinegre kwa maji nusu kwa nusu.

Mwl_Ibanda

Weka karatasi nyeupe chini ya vikombe. Kwenye meza ya mbao, kijani na buluu vinaleta ugomvi usio na maana.

MamaSabuni_Kadutu

Mwl_Ibanda, na mie naomba faida yangu kwenye uzi huu. Hayo maua yanaweza kuniambia kama sabuni yangu imebaki na soda? Siku hizi napima kwa kuionja kwa ulimi, na wakati mwingine inaniuma.

Mwl_Ibanda

Mama, ulimi uache. Maua yanaweza kukusaidia kwa kulinganisha. Chukua sabuni moja unayojua ni nzuri, iliyokauka mwezi mzima, na hiyo mpya. Kwangua kiasi kile kile, yeyusha kwenye maji kiasi kile kile, tia maua sawa. Nzuri itakupa kijani. Yenye soda iliyobaki itakwenda upande wa njano. Tazama ndani ya dakika moja, kwa sababu kwenye besi kali rangi yenyewe inaharibika na baadaye zote zitaonekana njano.

Kata kipande kutoka katikati ya mche. Ule unga mweupe wa juu ni soda iliyokutana na hewa ikawa kaboneti, utakudanganya.

MamaSabuni_Kadutu

Na kama katikati ni kijani lakini pembeni ni njano?

Kemia_Lshi

Basi hukukoroga vya kutosha, mama, au soda ilitiwa kabla haijayeyuka yote. Soda unaipima kwa mizani au kwa kopo?

MamaSabuni_Kadutu

Kwa kopo.